Pesa ya karti huandikwa kwanza kwa penseli



Wengi wetu tumezoea pesa ya simu. Ukituma franka kwa M-Pesa au Airtel Money, ujumbe unaingia palepale, na kiasi kilichoandikwa ndicho kilichotoka. Hakibadiliki kesho wala keshokutwa. Karti ya benki haifanyi hivyo. Ujumbe wake wa kwanza si wa mwisho, na anayeusoma kama ujumbe wa simu anaweza kumdhania mwenzake mwizi. Katika kikundi chetu jambo hilo lilikaribia kutokea, ndiyo maana tunaandika juma hili.

Mwishoni mwa mwaka 2024 mama mwenzetu anayetunza hazina alivuka ziwa kwenda Kigoma kununua cherehani ya kikundi. Bei dukani ilikuwa shilingi 390,000 za Tanzania. Akaunti yetu ni ya dola, na mama alilipa kwa karti yake, siku ya Ijumaa alasiri. Ujumbe wa benki ulisema dola 147 na senti 17. Kwenye simu, pembeni ya kiasi hicho, kulikuwa na maneno mawili ya Kifaransa: "en attente", yaani bado inangojea. Kwenye simu za Kiingereza huandikwa "Pending". Mama aliandika 147,17 katika daftari la kikundi, akarudi na cherehani.

Siku chache baadaye tulipata karatasi ya hesabu kutoka benki. Hapo palikuwa pameandikwa dola 153 kamili. Tofauti ni dola 5 na senti 83. Hapa kwetu hizo ni akiba ya juma zima kwa zaidi ya mama mmoja. Katika kikao wengine waliuliza kama cherehani ilinunuliwa kwa bei moja na kuandikwa kwa bei nyingine. Mwingine akapendekeza hazina ikabidhiwe mtu mwingine. Mama alikuwa na risiti yake mkononi, lakini risiti ilisema shilingi, daftari lilisema dola 147, na benki ilisema dola 153. Karatasi tatu, hesabu tatu.

Tuliketi na kalamu tukafuata njia ya pesa hiyo hatua kwa hatua. Njia yenyewe ni hii.

Karti inapoingizwa katika mashine ya dukani, pesa haitoki siku ile. Kinachotoka ni swali. Mashine inauliza benki ya mwenye duka, benki hiyo inauliza kampuni ya karti, kwa upande wetu Visa, na Visa inauliza benki yetu: je, mwenye karti hii ana kiasi hiki? Benki yetu inaangalia, inajibu ndiyo, na inatoa namba ya ruhusa, ambayo mara nyingi huchapwa kwenye risiti. Yote hayo yanamalizika kwa sekunde chache. Wakati huohuo benki yetu inaweka kiasi hicho pembeni ili tusikitumie mara mbili. Pesa bado imo ndani ya akaunti, lakini imefungwa. Ndiyo maana simu inaweza kuonyesha salio mbili: ile iliyomo na ile unayoweza kuitumia.

Sisi walimu tunawaambia watoto waandike hesabu kwanza kwa penseli, na jibu la mwisho kwa biki. Neno "en attente" ni maandishi ya penseli. Benki imekadiria kiasi ili kukitunza, lakini bado haijapata bili.

Bili inakuja baadaye. Jioni mwenye duka anafunga mashine yake, na mauzo yote ya siku yanatumwa kwa pamoja kwenye benki yake. Benki yake inayapeleka Visa, na Visa inayapeleka benki yetu. Safari hiyo huchukua kwa kawaida siku moja hadi tatu za kazi, na siku za mapumziko hazihesabiwi. Mama alilipa Ijumaa alasiri. Bili yake ilifika benki yetu Jumanne. Siku hiyo benki ilifuta penseli na kuandika kwa biki.

Sasa, kwa nini biki haikuandika kiasi kilekile? Bei ya shilingi haikubadilika hata kidogo: 390,000 Ijumaa, 390,000 Jumanne. Kilichobadilika ni dola. Visa hupanga kila siku kiwango cha kubadilisha pesa, na bili huhesabiwa kwa kiwango cha siku inaposhughulikiwa, si lazima kile cha siku ulipokuwa dukani. Majuma yale shilingi ya Tanzania ilikuwa inapata nguvu upesi mbele ya dola. Ijumaa dola moja ilihesabiwa kwa shilingi 2,650. Gawa 390,000 kwa 2,650, unapata dola 147 na senti 17. Jumanne dola moja ilihesabiwa kwa shilingi 2,600. Gawa tena, unapata dola 150 kamili. Hapo tumepata dola 2 na senti 83 za tofauti.

Zinabaki dola 3. Hizo ni ada ya benki yetu kwa kila malipo ya pesa ya kigeni, asilimia 2 ya dola 150. Ada hiyo haikuwemo katika ujumbe wa Ijumaa. Iliongezwa bili ilipofika. Kila benki ina asilimia yake, na nyingine huihesabu tangu mwanzo, kwa hiyo ni vizuri kuuliza kabla ya safari. Dola 150 na dola 3 ni dola 153. Hesabu imefungwa. Mama hakuchukua hata senti, na hazina imebaki mikononi mwake.

Ingekuwa shilingi imepungua nguvu siku zile, biki ingeweza kuandika kidogo kuliko penseli. Basi kiasi kikishuka tusifikiri kwamba benki imetupa zawadi, na kikipanda tusikimbilie kusema mtu ameiba.

Kuna sababu nyingine ambayo familia nyingi za Fizi huisikia kutoka kwa ndugu zetu waliopitia kambi ya Nyarugusu na sasa wanaishi Amerika. Mtoto anasema, "Mama, nina pesa lakini imefungwa, ningoje siku mbili." Wengine wetu tunaona ni kisingizio. Inaweza kuwa kweli. Huko mtu anaingiza karti kwenye pampu ya mafuta kabla ya kujaza gari. Pampu haijui atajaza lita ngapi, kwa hiyo inaomba kiasi cha kubahatisha. Vituo vingine vinaomba dola 1 tu. Vingine vinaomba kiasi kikubwa, na tangu mwaka 2022 kiasi hicho kinaweza kufika dola 175. Mtoto akijaza mafuta ya dola 40, bili ya mwisho itakuwa dola 40, lakini mpaka penseli ifutwe, pesa zaidi ya hiyo inaweza kufungwa. Hoteli nazo hufanya hivyo: hufunga bei ya vyumba pamoja na kiasi cha tahadhari. Katika mikahawa ya Amerika kinyume chake hutokea: penseli inaandika bei ya chakula, kisha mteja anaongeza bakshishi kwenye risiti, na biki inaandika vyote viwili.

Yako pia makosa ya kweli, na tunapaswa kujua kuyatambua. La kwanza ni penseli na biki kuonekana pamoja. Kwa sababu kiasi kimebadilika, mashine za benki zinaweza kushindwa kutambua kwamba bili hii ni ya ruhusa ile. Basi dola 147 zinabaki zimefungwa na dola 153 zinatoka, na salio linaonekana kama umelipa mara mbili. Mara nyingi penseli hujifuta yenyewe baada ya siku chache, hata juma moja. Kwa hoteli inaweza kuchukua muda zaidi. Ikiwa zote mbili zimeandikwa kwa biki, hapo umelipa mara mbili kweli, na ni lazima uende benki.

La pili ni bili ya kiasi kisicho chako. Njia ya kulitambua ni rahisi: usilinganishe dola na dola, linganisha pesa ya dukani na pesa ya dukani. Karatasi ya benki mara nyingi huonyesha kiasi cha asili, kwetu shilingi 390,000, pembeni ya dola. Kama haionyeshi, ombeni benki iwaambie. Kikiwa sawa na risiti, tofauti ya dola inatoka kwenye kiwango na ada. Kikiwa si sawa, kwa mfano 490,000, peleka risiti benki mara moja na ueleze kwamba unapinga malipo hayo. Anayesubiri miezi anaweza kukuta muda wa kupinga umepita.

Jambo moja tena kuhusu mashine yenyewe. Wakati mwingine inauliza: ulipe kwa shilingi au kwa dola? Ukichagua dola, kiasi cha dola unakiona palepale na kiwango cha Visa cha siku inayofuata hakikigusi. Lakini hapo kiwango kimepangwa upande wa duka, na mara nyingi kina faida yao ndani. Kabla ya kubonyeza, gawa bei ya shilingi kwa kiwango unachokijua cha siku hiyo, uone unaongezewa dola ngapi.

Tangu siku ile daftari letu lina safu tatu kwa kila malipo ya karti: kiasi cha risiti kwa pesa ya dukani, kiasi cha ujumbe wa kwanza, na kiasi cha mwisho kutoka benki. Safu ya pili tunaijaza kwa penseli kweli. Ya tatu inabaki wazi mpaka benki iandike, kisha tunaijaza kwa biki, na risiti inabandikwa pembeni na namba yake ya ruhusa. Anayetumwa safarini anapewa nafasi zaidi ya bei kwenye akaunti, kwetu dola 10 kwa kila dola 150, ili kiwango kikigeuka akaunti isipungukiwe. Na hazina hatuikagui siku ya kurudi safari. Tunaikagua biki ikishaandika.