Maneno ya Chini ya Picha

Ifikapo wiki ya mwisho ya Desemba, simu zetu hujaa picha za familia, na chini ya kila picha huwa kuna maneno machache ya kuuaga mwaka. Mwaka wetu sisi Waislamu hugeuka kwa Muharram, wala Desemba si sikukuu kwetu. Lakini shule zimefungwa, waliosafiri wamerudi, na hesabu za nyumba zinajumlishwa. Hivyo familia yetu nayo imezoea kupiga picha moja barazani hapa Tanga na kuituma kwa ndugu walioko Pangani, Mombasa na Maskati. Mwaka wa neema hauna tabu kuuandikia. Mwaka mzito ndio unaomfanya mtu akae na kalamu muda mrefu, kwa kuwa anataka kusema kweli bila kulalamika, na kutaja matumaini bila kuahidi asilokuwa nalo.

Mwaka huu ulikuwa wa namna hiyo. Baba ni fundi wa mashua. Miaka yote ya ukubwa wake aliishi Pangani, akichonga mbao kwa tezo na kutia kalafati kwenye maungio. Mwezi wa Januari miguu yake ilivimba, akawa hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi. Vipimo vikaonyesha kwamba figo zake zimechoka kabisa. Tangu wiki ile amekuwa akiunganishwa na mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, kila mara saa nne. Ukizihesabu wiki hamsini, utakuta amelala kando ya mashine ile karibu mara 150. Ilibidi ahame Pangani aje kukaa kwetu mjini, na shamba lake la minazi likauzwa.

Tulipokaa kuandika maneno ya picha, mdogo wetu wa kiume ndiye aliyetangulia. Alitaka tuandike kwamba mwaka umetuonea, na kwamba ndugu wa kweli tumewajua. Uchungu wake ulikuwa na sababu. Siku moja mashine iliharibika, Baba akasubiri tangu alfajiri hadi magharibi, akaambiwa arudi kesho. Na wapo jamaa ambao hawakupiga simu hata mara moja. Lakini mwaka hauonei mtu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kuzitukana zama, kwa kuwa anayezipindua ni Mwenyezi Mungu. Tena neno la kijembe lina tabia ya kumkosa aliyekusudiwa. Asiyepiga simu atalisoma na kupita. Atakayeumia ni shangazi aliyepiga kila Ijumaa, ambaye atajiuliza kama ni yeye anayesemwa.

Dada yetu mkubwa alipendekeza tuandike "Alhamdulillahi kwa yote" na tusizidishe. Hilo ni neno tukufu, wala hakuna anayeweza kulipinga. Alichohofia ni siri ya nyumba kutoka nje, na watu kudhani kwamba tunaomba mchango. Hofu hiyo nayo ilikuwa ya haki. Hata hivyo Baba alikuwamo kwenye picha, na mkono wake wa kushoto umetuna mshipa mnene kama kamba ya nanga. Ndugu angeuona mshipa ule, asome maneno yasiyousema, kisha abaki na maswali ambayo angeyapeleka kwa majirani.

Hapo ndipo tulipozungumza juu ya subira. Wengi wetu tumelelewa kuamini kwamba mwenye kusubiri hasemi kitu. Lakini Qur'ani inatusimulia habari za Nabii Yaakub, aliyelia kwa kumkosa mwanawe mpaka macho yake yakawa meupe. Watoto wake walipomlaumu kwa huzuni hiyo, aliwajibu kwamba mashtaka ya huzuni yake anayapeleka kwa Mwenyezi Mungu. Hakukana kwamba anaumia. Nabii Ayyub naye, katika dua yake, alitaja kwamba dhara imemgusa, kisha akamtaja Mola wake kwa rehema. Kutaja jambo lililokupata si kulalamika. Lalamiko huanza pale unapomtafutia mtu wa kulibeba kosa, au unapomshtaki Mola kwa viumbe Wake.

Tulikubaliana basi kwamba tutataja. Lakini ugonjwa ni wa mwenyewe, na picha ni yake, kwa hiyo kabla ya neno lolote tulimwendea Baba kumwuliza kama anaridhia kutajwa. Hakufikiri sana. "Andikeni kwamba nipo," alisema. "Walioniona Januari watalielewa neno hilo."

Lililobaki lilikuwa gumu zaidi, nalo ni jinsi ya kuandika matumaini. Shemeji yetu alipendekeza sentensi nzuri isemayo kwamba mwakani Baba atakuwa mzima. Tuliiitikia kama dua, lakini hatukuiweka kama habari. Mashine ile haiponyi figo. Inafanya sehemu ya kazi yake: inaondoa taka na maji ambayo figo zilipaswa kuyatoa, na baada ya siku mbili au tatu yamejaa tena. Anayeahidi uzima mbele ya watu humtwika mgonjwa deni. Akionekana mwakani bado anakwenda kwenye mashine, itakuwa kama amewaangusha.

Tukatazama ndani ya mwaka wenyewe, tukitafuta matumaini ambayo tayari yanatembea. La kwanza lilikuwa ule mshipa wa mkono. Miezi ya mwanzo damu ya Baba ilipitia mpira uliotiwa shingoni, ambao ni njia ya muda na huingiza maradhi upesi. Mwezi wa Machi daktari alimfanyia upasuaji mdogo, akauunganisha mshipa unaopeleka damu mkononi na ule unaoirudisha, ili huu wa pili upanuke na kuhimili sindano. Mshipa wa namna hiyo hautumiki siku hiyo hiyo. Huachwa wiki kadhaa ukomae, na wa Baba ulianza kutumika mwezi wa Mei. Mkono ule haupimwi shinikizo la damu, haubebi ndoo wala haulaliwi. Na kila asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, Baba huweka vidole juu yake kuusikiliza. Ukiwa mzima hutetemeka chini ya ngozi kama paka anayekoroma. Mtetemo ukikatika, huenda damu imeganda, na mgonjwa huwahishwa hospitali siku hiyo hiyo. Hadi tunapiga picha, mtetemo haujakatika.

La pili lilikuwa kikombe. Mtu ambaye figo zake hazitoi maji hupimiwa cha kunywa, kwa kuwa kila lita inayoingia huonekana kwenye mizani kama kilo moja, na ikizidi hurudi miguuni na kifuani. Chai, uji, mchuzi na dafu, vyote huhesabiwa. Dafu lina shida ya ziada: lina madini ya potasiamu kwa wingi, ambayo figo zilizochoka haziyatoi, nayo yakizidi huvuruga mapigo ya moyo. Mtu wa Pangani kuambiwa asinywe dafu ni jambo la kumliza. Mama alitenga kikombe kimoja cha bati, akakitia alama kwa msumari, na maji yote ya siku hupimwa kwa hicho. Wiki za mwanzo Baba alikuwa akifika kwenye mashine ameongezeka kilo nne. Siku hizi haongezeki zaidi ya mbili.

La tatu lilikuja Ramadhani. Madaktari walimkataza kufunga, na kwa kuwa ugonjwa wake hautarajiwi kuondoka, masheikh walimwelekeza atoe fidya, kibaba cha chakula kwa kila siku. Mzee aliyefunga tangu utotoni alikaa barazani na gunia la mchele, akapima kwa mkono wake wa kulia vibaba 30, yaani pishi saba na nusu, na mjukuu wake akivipeleka kwa wenye kustahiki. Siku ya kwanza aliipima kwa machozi. Kufikia kumi la mwisho alikuwa akimwuliza mjukuu habari za kila nyumba aliyokwenda.

Mjukuu huyo ndiye wa nne. Baba alipohama, mashua moja ilibaki Pangani haijakwisha, na mkono wa fundi umekatazwa kazi nzito. Siku zisizo za mashine hupandishwa gari, akaketi kivulini kwa kiti, na kijana akashika tezo na pamba ya kalafati huku babu akimwongoza kwa mdomo. Mashua haijashushwa majini. Ubavu mmoja umeshazibwa.

Baada ya hapo maneno hayakutusumbua tena. Tulijiwekea kanuni tatu tu: tutaje kilichotokea kwa jina lake, tuwashukuru waliotenda bila kuwagusa wasiotenda, na kila tumaini liwe jambo ambalo limekwisha kuanza. Tuliyotuma ni haya:

"Mwaka huu Baba aliugua figo, naye yupo. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa yuko kwenye mashine. Siku nyingine yuko Pangani, anamfundisha mjukuu kalafati. Minazi imekwenda, dafu limesitishwa, kikombe cha Mama kimetutosha. Mliopiga simu, mliokuja, mliolala hospitali pamoja nasi, Mwenyezi Mungu awalipe. Mashua imezibwa ubavu mmoja. Inshaallah, tunaendelea na wa pili."

Dada mkubwa aliyapima maneno hayo kwa kipimo chake, akaona hakuna ombi la fedha ndani yake. Mdogo wetu aliyasoma mara mbili, akitafuta mahali ambapo yule aliyekosa simu angeweza kuhisi kuchomwa, hakupaona. Baba alitaka tubadilishe jambo moja tu: neno "aliugua" lije kabla ya neno "yupo", wala lisije baada yake. Tukamwonyesha kwamba ndivyo lilivyo.

Majibu yaliyorudi hayakuwa mengi, lakini yalikuwa tofauti na yale ya miaka mingine. Badala ya maua na mikono ya dua peke yake, watu waliuliza mambo. Binamu wa Maskati aliuliza mashua ni ya futi ngapi. Jamaa mmoja aliyekuwa kimya mwaka mzima alisema hakujua, na akaomba namba ya Baba. Na shangazi wa Mombasa, ambaye hupiga kila Ijumaa, alitambua sasa kwa nini Baba huipokea simu yake kwa sauti ya chini. Akauliza kama wageni huruhusiwa kuketi kando ya mashine, kwa kuwa Januari anakuja Tanga, na saa nne ni nyingi kwa mtu kukaa peke yake.