Mwongozo Ndio Uliouzwa

Nilifanya KCSE mwaka wa 2013, na huo ndio mwaka wa kwanza Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora kutahiniwa. Vitabu vya fasihi vilikuwa vimebadilishwa vyote: Utengano, Kifo Kisimani na Mayai Waziri wa Maradhi viliondoka, mahali pake pakaja Kidagaa, Mstahiki Meya na Damu Nyeusi. Maana yake kwetu ilikuwa moja. Hakukuwa na karatasi zilizopita. Wanafunzi waliotutangulia walirithi rundo la maswali ya miaka mingi; sisi tulirithi hewa. Kwa hiyo nilijitungia maswali yangu kwenye kaunta buku, nikajijibu, na mwalimu wetu wa Kiswahili akawa ananisahihishia jioni.

Matokeo yalipotoka nikawa nyumbani, upande wa Litein, nikisubiri chuo na kuchuma majani pamoja na shangazi. Wadogo zangu wa Kidato cha Tatu walikuja kuazima ile kaunta buku. Ikazunguka mpaka gamba likang'oka, ndipo nikaipeleka kwa mwenye fotokopi sokoni.

Hesabu ya mwanzo ilikuwa rahisi. Noti zilijaza kurasa 24. Kwa shilingi 3 kila upande, nakala moja ilinigharimu shilingi 72, pamoja na pini mbili za stepla. Nikauza kwa 100. Kilichosumbua zaidi ya bei ni mvua. Kericho mvua hunyesha karibu kila alasiri, na karatasi iliyokaa wazi hunywa unyevu, hujikunja pembeni na kukwama ndani ya mashine. Nilijifunza kuacha rimu ndani ya ganda lake hadi dakika ya kuchapa, na kwenda asubuhi, kabla mawingu hayajafunga na stima kupotea.

Toleo hilo la kwanza lilikuwa muhtasari: ploti, wahusika, maudhui, mbinu za uandishi. Liliuzika vizuri kwa muda mfupi, kisha likasimama. Darasa zima lilichanga kununua nakala moja na kuifotokopi upya, na sikuwa na la kusema, kwa sababu muhtasari wa riwaya mtu yeyote mwenye bidii anaweza kuuandika. Wateja wenyewe ndio walionionyesha kilichokuwa na thamani. Walifungua kurasa za nyuma, kule nilikokuwa nimenakili majibu yangu yakiwa na alama za mwalimu pembeni, wakauliza kama kuna mengine ya namna hiyo.

Karatasi ya tatu ya Kiswahili, 102/3, ina alama 80: maswali manne, kila moja alama 20. Chukua swali kama hili nililolitunga: jadili jinsi Mtemi Nasaba Bora anavyotumia mamlaka yake vibaya. Mwanafunzi ameisoma riwaya, anamjua Mtemi, anaandika kwamba ni katili, ni mwenye tamaa, ni dhalimu. Amejaza ukurasa na anashangaa kupata alama 6. Msahihishaji anataka hoja kumi, kila moja alama 2, na hoja haikamiliki mpaka itajwe na kuthibitishwa kwa tukio. "Ana tamaa" ni nusu ya hoja. "Ana tamaa, kwa kuwa anajitwalia ardhi kwa njia haramu" imekamilika. Tena kuna mtego: mwanafunzi akitaja tamaa, kisha ubinafsi, akathibitisha zote mbili kwa tukio lile lile la ardhi, ameandika hoja moja mara mbili.

Swali la dondoo nalo huanza kwa kuuliza muktadha, alama 4: nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, na kwa sababu gani. Anayesimulia sura nzima hupoteza muda na hupata zile zile nne.

Nikageuza kijitabu. Muhtasari ukapungua hadi kurasa mbili, maswali yakawa kumi, na kila swali likafuatwa na mwongozo wa kusahihisha wenye hoja zaidi ya zinazohitajika, ukurasa wa riwaya kando ya kila tukio, na hoja pacha zikiwekwa pamoja ili mwanafunzi aone kwamba zinahesabiwa moja. Nukuu nilizifanya fupi mno. Mwanafunzi asiye na riwaya hakuweza kukitumia kijitabu hicho, na nilitaka iwe hivyo. Mwanafunzi aliyesoma muhtasari peke yake huonekana mapema: ana hoja lakini hana matukio.

Maswali ya KNEC sikuyauza kamwe. Ni mali ya baraza. Tena baada ya mitihani kuvuja mwaka wa 2015 na bodi ya baraza kuvunjwa Machi 2016, wanunuzi wengine walianza kuniuliza kwa sauti ya chini kama karatasi zangu "ndizo zenyewe." Niliandika juu ya kila jalada: maswali ya mazoezi, yametungwa na mwandishi. Nilipoteza wateja kwa sentensi hiyo, na sikuwataka.

Soko lilifuata majani chai. Malipo ya mwezi yalipoingia, wazazi walinunua. Bonasi ilipofika Oktoba, wiki chache kabla ya karatasi za nadharia, ndipo nilipochapa kwa wingi. Bonasi ya viwanda vya upande wetu huwa chini kuliko ile ya Mlima Kenya, na mwaka iliposhuka niliona kwenye rundo lililobaki. Mama mmoja kwenye kituo cha majani aliniuliza, "Kijana, hii itamsaidia msichana wangu, ama ni karatasi tu?" Nikamwomba amwambie binti ajibu swali la kwanza bila kuangalia mwongozo, kisha ajisahihishe. Alirudi kununua cha Mstahiki Meya.

Mwaka wa 2018 vitabu vikabadilika tena, Kigogo, Chozi la Heri na Tumbo Lisiloshiba, na hazina yangu ya miaka minne ikawa ya kufungia sukari. Kijitabu cha fasihi huishi takriban miaka mitano. Anayechapa vingi mwaka wa mwisho hujiumiza.

Kisha shule zikafungwa Machi 2020. Hakuna aliyefika sokoni, kila mtu akataka PDF kwa WhatsApp. Gharama ya karatasi ikaisha, na wizi ukawa wa kubonyeza mara moja. Nilikuta mwongozo wangu wa Kigogo ukiuzwa kwa jina la mtu mwingine, na nilijua ni wangu kwa sababu kosa langu la chapa katika swali la nne lilikuwa bado mle. Kidagaa yenyewe inasimulia mswada ulioibwa na kuchapishwa kwa jina la mwizi. Nilikuwa nimeifundisha dhuluma hiyo kwa alama 20 kabla sijaionja. Tangu hapo maswali nayatoa bure, yasambae yatakavyo yakiwa na nambari yangu, na mwongozo ndio unaolipiwa. Jina la mnunuzi na shule yake huandikwa juu ya kila ukurasa. Halizuii kusambazwa, ila hupunguza. Na kabla ya kutuma faili naangalia salio la M-Pesa, si ujumbe, maana ujumbe wa kughushi hutoka nambari ya kawaida na huandikwa vizuri kabisa.

Sasa KCSE ya mwisho ni 2027, kwa hiyo vijitabu vya Bembea ya Maisha navichapa kwa oda tu. Wateja wengi wapya ni walimu wa Bomet, wanaotaka majedwali ya kutathmini umilisi: kuzidisha matarajio, kufikia, kukaribia, mbali na matarajio. Jedwali lenyewe halina bei, kila mtu anaweza kuchora safu nne. Wanacholipia ni sentensi zilizojazwa ndani, zinazoeleza insha ya mtoto anayekaribia matarajio hukosa nini hasa, na hizo nazitoa kwenye insha zangu za shule, ambazo shangazi alizihifadhi zikiwa na wino mwekundu.

Binti ya dada yangu ameingia Gredi ya 10 mwaka huu na amechagua Fasihi. Ameshaanza kuandika noti, anataka kuuza. Nimemwambia aache muhtasari, atunge swali moja, alijibu, ampe mwalimu alisahihishe, kisha aniletee karatasi hiyo kabla hajaenda kwa mwenye fotokopi.