Barua ya mama wa Keshero kwa shefu wake

Mtoto ana miezi saba na bado anaamka mara nne usiku. Mama yake, karani wa depo moja hapa Goma, alimwandikia shefu barua fupi: kwa miezi miwili aanze saa mbili na nusu badala ya saa moja na nusu, na jioni atoke saa moja nyuma ya wenzake. Masaa hayapungui. Mwenzake amekubali kufungua depo, na barua inasema hivyo. Zile nusu saa mbili za kunyonyesha kwa siku hakuziomba. Sheria ya kazi ya 2002 inampa tayari, na zinalipwa. Angezichanganya humo, shefu angedai amekwisha kumsaidia. Nakala iliyotiwa sahihi ya kupokelewa iko nyumbani.