Nilivyomwomba Bosi Aniongeze Mshahara

Jamani, mwaka jana niliomba nyongeza nikafukuzwa na swali moja tu: "Kwani umefanya nini?" Nikakosa jibu.

Nakaa kwenye kibanda cha uwakala wa pesa huku Ushetu, mshahara 180,000. Safari hii nilijipanga. Kila mwisho wa mwezi niliandika kamisheni kwenye daftari. Mei ikafika 520,000, Februari ilikuwa 310,000. Nikajiona mjanja, kumbe bado! Mama mwenye kibanda angesema ni msimu wa tumbaku tu, wakulima wamelipwa, na angekuwa sahihi. Ikabidi nitafute Mei ya mwaka juzi, kabla sijaanza kazi: 390,000. Msimu uleule, tofauti 130,000. Hiyo ndiyo yangu, maana nilikuwa nafungua saa 12 asubuhi na floti haikatiki.

Halafu nikawauliza wadada watatu wa kazi kama yangu. Wa Masumbwe analipwa 220,000, wawili wa Kahama 250,000. Ila Kahama chumba bei juu, so sikutaja 250,000. Niliomba 230,000.

Nikamfuata jioni baada ya kufunga hesabu, wateja hawapo. "Shikamoo mama, naomba uangalie hili daftari." Akasoma kimya, akauliza Mei zote mbili mara mbili. Akasema 215,000 kuanzia mwezi ujao, na tukae tena baada ya tumbaku.

Nikamwomba aiandike humohumo kwenye daftari. Alicheka, ila akasaini.

Nyie mnalipwaje huko? Tiririkeni hapo chini.