Kwa Mpwa Wangu, Kuhusu Watu Wako wa Kujitolea

Karatu

Mpwa wangu,

Orodha yako imenifikia. Unasema watu wa kikundi chenu wanaopita bomani kuwatafuta wagonjwa wa vikope wanaondoka kimyakimya, na kila mwaka unafundisha wapya. Unaona wamekosa moyo. Nimeisoma orodha yako nikakuta mama mmoja amepewa vitongoji vitatu. Huyo moyo anao. Miguu ndiyo imemshinda.

Jambo hili majirani zetu walilipitia kabla yetu. Uganda walipoanza kugawa dawa ya usubi kupitia wanavijiji wenyewe, miaka ya 1990, mgawaji aliyebebeshwa nyumba nyingi za mbali ndiye aliyechoka mapema na kuanza kudai malipo. Moses Katabarwa, Mganda aliyeifuatilia kazi hiyo kwa miaka mingi, alionyesha kwamba palipokuwa na wagawaji wengi, kila mmoja akihudumia ndugu zake katika nyumba chache za karibu, dawa iliwafikia watu vizuri zaidi na kazi ilidumu. Kwa ndugu unaingia hata bila kualikwa, tena unapitia huko huko unakokwenda kuchota maji.

Kwa hiyo rarua orodha hiyo. Tafuta watu wengi zaidi, kila mmoja abaki na boma lake na yale anayoyafikia na kurudi kabla ya kukamua jioni. Wachague akina mama zaidi. Nyumbu wanapozaa, mifugo huondolewa tambarare ili isipate ugonjwa wao, na vijana huondoka nayo. Ukimtegemea kijana peke yake, kazi inasimama. Popote unapoona mtu anahama na mifugo, mpe mwenzake anayebaki.

Lakini undugu nao una mipaka yake. Mwanamume hawezi kumshika mama mkwe wake usoni amkague macho. Kwetu hilo ni aibu, na atakuandikia tu kwamba boma lile ni zima. Muulize kila mtu wako mapema ni akina nani hawezi kuwakagua, uwape mtu mwingine. Na familia za Wadatoga za upande wa Ziwa Eyasi uzitafutie mtu wao, la sivyo hakuna atakayewapitia.

Kazi yenyewe iwe ndogo na ijulikane. Mama anayekaa mlangoni akilipa jua mgongo, machozi yakimtoka, kibanio cha kung'olea kope kikining'inia shingoni: huyo ndiye anayetafutwa. Kope zimegeukia ndani na kukwaruza mboni. Mtu wako amtazame, aandike jina na boma, akupe wewe. Kuamua upasuaji ni kazi ya muuguzi. Na asimwahidi mgonjwa kwamba ataona tena: upasuaji huondoa mkwaruzo na kuokoa uoni uliobaki, uliokwisha kupotea haurudi. Ahadi ya uongo humharibia jina bomani, na mtu aliyeharibikiwa jina kwa ndugu zake hatakufanyia kazi tena. Ukija mradi mwingine unaotaka kuhesabu watoto au vyoo, ukatae. Wengi huacha kazi pale inapoongezwa bila wao kuulizwa.

Kuhusu shukrani, fulana sizipendi. Hazitoshi kamwe, na aliyekosa huondoka na kinyongo. Kinachomfunga mtu ni kujua jina aliloliandika limefikia wapi. Mgonjwa akishafanyiwa upasuaji, wa kwanza kuambiwa awe yule aliyemwona, na apewe kazi ya kumtazama tena baada ya miezi kadhaa, maana kope huweza kurudia kugeuka. Asiposikia lolote mara mbili, ya tatu haandiki. Kisha mwombe laigwanani amtaje kwenye kikao cha kitongoji, mbele ya mume wake. Usicheke, mume akisikia mkewe anasifiwa na wazee, hatauliza tena kwa nini amechelewa.

Nauli na vocha mrudishieni, tena siku ile ile. Huo si mshahara, ni haki yake asiingie hasara. Ila ukijikuta unamhitaji mtu siku kadhaa kila wiki, hapo umeshampa ajira. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2018 kwamba wahudumu wa afya wa jamii walipwe kulingana na uzito na saa za kazi zao. Mtafutie malipo, au mpunguzie.

Anayetaka kuondoka hakuambii. Taarifa yake huanza kufanana na ya mwezi uliopita, namba zile zile, kisha anamtuma mtoto kuileta. Ukiona hivyo, nenda bomani kwake, unywe chai, umuulize ni boma gani limemlemea. Mwondolee siku hiyo hiyo, usingoje kikao.

Nitumie orodha mpya kabla hujaipeleka kwenye kikundi, na mbele ya kila jina uandike boma analolala.

Mjomba wako