Daftari la Marejesho

Sisi ni wanakamati wanne wa mikopo katika chama kidogo cha akiba na mikopo hapa Suma, kwenye miteremko ya wilaya ya Rungwe. Wengi wetu tunasali kanisa moja, na wengi wa wanachama wetu pia. Tunaandika haya kwa kukubaliana sote wanne, kwa sababu kosa tunalolieleza tulilifanya pamoja.

Mwezi wa tisa mwaka 2019 tulikaa kikao kuamua habari ya mama mmoja mjane. Alikuwa na mkopo wa shilingi 600,000 aliouchukua Januari kwa ajili ya ada na sare za watoto wawili wa sekondari. Riba yetu ni asilimia 10 kwa mkopo mzima, hivyo alitakiwa kurudisha 660,000 kwa miezi 12, yaani shilingi 55,000 kila tarehe 5. Kuanzia Februari hadi Juni alilipa. Julai alichelewa, Agosti hakulipa kabisa, na Septemba ikaingia bila chochote. Dhamana aliyoandikisha ilikuwa ng'ombe wake wa maziwa. Katiba ya chama inasema marejesho mawili yakipita bila kulipwa, dhamana inaweza kuuzwa.

Watatu kati yetu tulikuwa tayari kuuza. Mmoja alisema, "Huyu mama hata mwaka juzi alitusumbua hivi hivi." Mwingine akasema watu wa aina hiyo wanajulikana. Mweka hazina wetu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi ambaye kila mtu humwita Mwalimu, alikuwa kimya. Mwishoni akasema, "Ndugu zangu, nipeni wiki mbili. Mmesema mwaka juzi alitusumbua. Nataka nione alitusumbua mwezi gani."

Tulimpa zile wiki mbili, kwa shingo upande.

Mwalimu alibeba nyumbani madaftari ya miaka minne, 2015 hadi 2018. Kila mkopo una ukurasa wake: jina la mkopaji, majina ya wadhamini wawili, kiasi, tarehe ya kila rejesho kutakiwa, na tarehe lilipofika kweli. Ni hizi tarehe mbili za mwisho ambazo hatukuwahi kuzisoma pamoja. Tulikuwa tukiangalia kama faini imelipwa, basi. Yeye alitoa tarehe moja kwenye nyingine, akaandika kwa penseli kando ya kila mstari siku zilizochelewa.

Kwanza alipanga kwa majina, kama sisi tulivyokuwa tukifanya vichwani mwetu. Alitarajia kuona wachache wanaochelewa daima na wengi wasiochelewa kamwe. Hakuona hivyo. Karibu kila mkopaji mwenye shamba la chai alikuwa amechelewa mara kadhaa, na watu wale wale walikuwa na miezi mingi waliyolipa mapema. Akapanga kwa ukubwa wa mkopo, hakuna kitu. Akapanga kwa wadhamini, vivyo hivyo. Ndipo akapanga kwa mwezi.

Hapo nusura akosee, na alituambia mwenyewe ili tujifunze. Alihesabu marejesho yaliyochelewa tu. Mke wake, aliyekuwa akichambua maharage pembeni, akamuuliza, "Baba, na wale waliotakiwa kulipa mwezi huo walikuwa wangapi jumla?" Maana mwezi wenye wadaiwa wengi utakuwa na wachelewaji wengi hata kama hakuna shida yoyote. Ikabidi aanze upya, safari hii kwa safu mbili: yaliyotakiwa na yaliyochelewa.

Kwa miaka minne marejesho yaliyotakiwa yalikuwa 840, na yaliyochelewa 214. Januari hadi Juni yalitakiwa 430 na kuchelewa 47, yaani kama moja katika tisa. Julai hadi Oktoba yalitakiwa 270 na kuchelewa 141, zaidi ya nusu. Novemba na Desemba yalitakiwa 140, yakachelewa 26. Hali ilikuwa hiyo hiyo kila mwaka kati ya ile minne, hata alipouhesabu mmoja mmoja.

Mtu wa Suma akisikia Julai hadi Oktoba, anajua. Chai yetu hutoa majani mengi wakati wa mvua, kuanzia Desemba hadi Mei. Juni baridi inaingia, ukungu unalala hadi mchana, kisha ukavu unafuata, na mche unakaa bila kuchipua vizuri mpaka mvua zirudi. Lakini kulikuwa na jambo ambalo halikukaa sawa. Majani hupungua kuanzia Juni, na daftari lilianza kuumwa Julai. Kwa nini mwezi mmoja baadaye?

Mwalimu alichukua karatasi zake mwenyewe za mauzo. Kiwanda tunachokiuzia hulipa majani ya mwezi mmoja baada ya katikati ya mwezi unaofuata. Majani ya Juni ni fedha ya Julai. Mwezi ulioongezeka ukapata maelezo yake, na hapo hapo akaona jambo la pili. Fedha ya chai hufika baada ya tarehe 15, nasi tunadai tarehe 5. Alirudi kwenye yale marejesho 47 yaliyochelewa katika miezi mizuri. 38 yalikuwa yamechelewa siku zisizofika 20. Watu hao walipokea fedha yao na kuileta, ila tulikuwa tumeweka tarehe ambayo hakuna mkulima wa chai mwenye kitu mfukoni.

Ili kuhakikisha, alitafuta wakopaji wasiotegemea chai: mwenye duka, wauza ndizi wanaopeleka mzigo Tukuyu, wenye ng'ombe wawili au watatu wa maziwa. Kama tatizo lilikuwa tabia ya watu miezi hiyo, au uvivu wa wakati wa baridi, hao nao wangechelewa. Hawakuchelewa zaidi ya miezi mingine.

Tulipokaa tena, alituwekea hesabu ya yule mama. Machi alichuma kilo 400 hivi, Julai kilo 110, na hizo za Julai ndizo fedha ya Agosti. Kwa hesabu nyepesi ya shilingi 300 kwa kilo, majani ya Machi ni 120,000 na ya Julai ni 33,000. Tulikuwa tunamdai 55,000 kutoka kwenye 33,000, na aliposhindwa tuliongeza faini ya 5,500. Kilichomlisha na watoto wake miezi hiyo ni maziwa ya ng'ombe yule tuliyetaka kumuuza.

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Kisha mmoja wetu akakumbusha kwamba Torati, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24, inakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa sababu kufanya hivyo ni kuchukua uhai wa mtu. Kifungu hicho tumekisikia kanisani mara nyingi, na sote tulidhani kinahusu mawe ya zamani.

Mwalimu hakuwa amemaliza. Yalibaki marejesho tisa ya miezi mizuri yaliyochelewa kwa muda mrefu, ambayo hayakuelezwa na msimu wala na tarehe. Alikuwa ameandika namba za mikopo hiyo bila majina. Akatuuliza kama asome. Tukasema soma. Matano yalikuwa ya mtu mmoja aliyehama na kuacha deni. Manne yaliyobaki yalikuwa yetu, sisi wanakamati, na mojawapo lilikuwa la Mwalimu mwenyewe. Hakuna hata moja kati ya hayo manne lililotozwa faini. Tulikuwa tumesameheana bila kuandika, kwa kuwa tulijuana na kujua kila mmoja alikuwa na sababu nzuri.

Kila Jumapili tunasali ile sala inayotaja deni letu na la wadeni wetu. Tulikuwa tumeitimiza nusu, kwa watu wanne.

Na kuna la faini. Fedha ya faini iliingia kwenye gawio la mwisho wa mwaka. Kwa miaka minne tuligawana kila Desemba fedha iliyokamuliwa kwa jirani zetu kati ya Julai na Oktoba, kisha tukaimba na kushukuru.

Tulipeleka yote kwenye mkutano mkuu, pamoja na yale manne yetu, na tukalipa faini zetu mbele ya wanachama. Mkutano ulibadilisha mambo matatu. Tarehe ya rejesho ikawa 25. Faini ya miezi ya Julai hadi Oktoba ikafutwa kwa mwenye mkopo wa chai, mradi aje kueleza kabla ya tarehe, asijifiche. Na mkopo wa ada wa Januari ukapangiwa marejesho yasiyolingana: kwa mkopo kama ule wa mama, 85,000 kwa miezi sita ya fedha nyingi, Januari hadi Juni, na 25,000 kwa miezi sita mingine. Jumla ni ile ile 660,000. Hatukupunguza deni la mtu. Tulilisogeza likutane na fedha yake.

Mpango huu una gharama, na ni vizuri mwenye kutaka kuufuata aijue. Marejesho yakirundikana nusu ya kwanza ya mwaka, sanduku linakuwa jepesi nusu ya pili. Anayeomba mkopo Agosti mara nyingi tunamwambia asubiri, na hilo limeleta manung'uniko. Ilibidi pia tukubaliane kutokopesha yote Juni, bali kubakiza sehemu kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Kwa mwenye duka ratiba hii haifai, hivyo siku ya kuomba tunamuuliza kila mtu fedha yake inatoka wapi na lini, tunaandika. Na mvua zikichelewa sana, hesabu zote hizi zinayumba.

Mwaka uliofuata wapo waliochelewa. Lakini sasa anayechelewa Machi anaonekana, kwa kuwa hajafichwa na kundi la wasio na kosa. Wawili tuliwafuata, mmoja alikuwa mgonjwa, mwingine alitudanganya. Huyo tulimtoza.

Yule mama alimaliza deni lake Februari 2020, mwezi mmoja baada ya muda wake. Alipoleta mwisho wake, Mwalimu alimwandikia stakabadhi, naye akaikunja kwenye kitenge, akasema "Ndaga," akaondoka. Hakujua tulivyokaribia kumuuzia ng'ombe wake. Tumemwambia baadaye, kabla ya kuandika haya, na tumemwomba radhi. Alitusikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama mkopo wa Januari unaanza kuombwa lini.