Tulivyoiripoti Akaunti ya Binti Yetu

Binti wa mdogo wangu alikuwa darasa la nne nilipomfungulia akaunti ya Instagram. Umri wa chini ni miaka 13, kwa hiyo tarehe yake ya kuzaliwa ilikataliwa. Nikaandika mwaka niliozaliwa mimi, ikakubali. Niliamini sharti lile linawahusu Wamarekani tu, maana chimbuko lake ni sheria yao ya 1998 inayozuia kampuni kuchukua taarifa za mtoto wa chini ya miaka 13 bila idhini ya mzazi. Mtoto alifurahi, nami nikafurahi.

Sikujua kwamba kwa mwaka ule nimemfanya mtu mzima. Septemba 2024 Instagram ilianza kuwaweka vijana kwenye akaunti za faragha, zisizopokea ujumbe wa watu wasiowajua. Kwa kawaida ulinzi huo hufuata umri ulioandikwa. Yeye aliandikwa mama wa makamo, akaunti iko wazi, mlango hauna komeo.

Jioni moja alinipa tableti nimtafutie katuni. Juu ya kioo ukaingia ujumbe wa mwanaume tusiyemjua: "Mama bado yuko kazini?" Nikafungua mazungumzo. Alikuwa ameshamuuliza jina la shule.

Nilitaka kuifuta akaunti palepale, nikashindwa. Kuifuta kunahitaji nenosiri. Mtoto alishalibadilisha na kulisahau, na laini tuliyosajilia ilikuwa imefungwa. Iliyobaki ni kuripoti, na hapo nikasita. Niliona ni kumchongea mtoto wetu wenyewe. Niliogopa pia mdogo wangu atanionaje. Nilipomweleza, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Dada, vuta kiti, tufanye wote." Sikustahili upole ule, na mpaka leo namshukuru Mungu kwa ajili yake.

Yeye ndiye aliyenizuia nisianze na akaunti ya mtoto. Akaunti ikiondolewa, mazungumzo yaliyomo huenda usiyaone tena. Kwa hiyo tulipiga picha za skrini kwanza, jina la akaunti ya yule mtu na tarehe zikionekana, tukamripoti yeye peke yake, kisha tukapeleka picha zile Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Asiyejua pa kuanzia anaweza kupiga 116, namba ya huduma kwa mtoto.

Ndipo tukaifuata akaunti ya binti yetu. Instagram ina fomu maalumu ya kumripoti mtoto aliye chini ya umri, ipo kwenye kurasa zao za msaada, na hata asiye na akaunti anaweza kuijaza. Unaandika jina la akaunti kama linavyosomeka, umri halisi wa mtoto, na uhusiano wako naye. Aliyeijaza ni mdogo wangu, mama yake, kwa sababu tuliona neno la mzazi litakuwa na uzito zaidi. Wanaosoma ripoti wanahitaji kitu cha kuwathibitishia umri. Picha ya keki yenye namba 10, iliyokuwa bado kwenye ukurasa wake, naamini ilitusaidia. Pasipo na dalili kama hiyo, huenda wasichukue hatua. Wala si kila ukurasa wenye picha za mtoto ni kosa; unaruhusiwa ikiwa maelezo yake yanasema wazi kwamba unasimamiwa na mzazi.

Nilingoja jibu, halikuja. Nikadhani tumepuuzwa, kumbe wao wenyewe wameandika kwamba hawamwarifu aliyeripoti. Dalili ni akaunti kutoonekana tena ukiitafuta. Kwa kawaida mwenye akaunti ndiye anayepata taarifa kwamba imefungwa, na hupewa nafasi ya kuthibitisha umri wake, kwa mfano kwa kitambulisho. Asipothibitisha katika muda aliopewa, inafutwa na picha zake zote. TikTok nao huifunga akaunti ya aliye chini ya miaka 13 na kumpa nafasi ya kukata rufaa.

Binti yetu alilia sana kwa ajili ya picha zake. Nami sikuwa nimemwambia lolote kabla, jambo ambalo yeyote anayejiandaa kuripoti asilirudie: mweleze mtoto, mhifadhie picha zake kwanza. Baada ya muda alifungua akaunti nyingine kwa simu ya rafiki yake, kwa mwaka mwingine wa uongo. Ripoti huondoa akaunti moja. Mtoto anabaki na hamu yake. Tungeweza kukimbizana naye hivyo hadi afike miaka 13.

Hiyo ya pili hatukuiripoti sisi. Alikuja mwenyewe jikoni, akaniambia yule mtu amempata tena, akaomba tukae naye aifute. Nenosiri la safari hii alilikumbuka.